Laki sita, milioni moja, au milioni moja na laki nane?

*Shangazi, shikamoo.*

*Tunakaa Tudor, Mombasa, ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vya kulala. Mimi, mume wangu na watoto wawili. Mwezi uliopita nyumba ya jirani wa chini iliungua kwa hitilafu ya umeme jikoni. Walitoka salama, alhamdulillahi, lakini vitu vyote viliteketea, na hawakuwa na bima. Tangu siku hiyo silali vizuri, na tumekubaliana tukate bima ya vitu vya ndani.*

*Shida ni kiasi. Wakala alituambia tuandike milioni moja tu, eti wengi huandika hivyo. Mume wangu anasema laki sita zinatosha, kwa sababu vitu vyetu ni vya zamani, na kwa kuwa malipo ni asilimia moja kwa mwaka, tutalipa elfu sita badala ya kutupa pesa. Mimi nilikaa usiku na daftari nikahesabu chumba kwa chumba: sebule 380,000, jikoni 290,000, chumba chetu 730,000, chumba cha watoto 150,000, korido na veranda 250,000. Jumla ni 1,800,000. Nilishtuka. Mume wangu alicheka, akasema nimekuwa tajiri kwa kalamu.*

*Humo nimetia dhahabu ya 420,000, nyingi aliyonipa mama nilipoolewa, ambayo mume wangu hataki hata itajwe mbele ya wakala. Nimetia pia cherehani mbili za dadangu anayeshona madera ya kuuza, anaziweka kwetu kwa kuwa kwake Likoni hakuna nafasi. Nakutumia kurasa za daftari. Shangazi, nani kati yetu yuko karibu na ukweli? Sitaki tugombane kwa jambo la kutulinda.*

*Mama Wawili, Tudor*

---

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa mshtuko wa jirani. Nimezisoma kurasa zako mara mbili, na kabla ya mengine nakuambia kwamba hukukosea kuhesabu chumba kwa chumba. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye dawati la madai ya bima, na watu niliowaona wakilia pale dirishani wengi walikuwa wameandika tarakimu moja nzima ya kupendeza, kama hiyo milioni ya wakala, bila kufungua hata kabati moja.

Lakini naona nyote watatu, wewe, mumeo na wakala, mnajibu maswali tofauti. Mumeo anauliza vitu vyenu leo vingeuzwa bei gani. Wewe umeuliza vilinunuliwa bei gani. Wakala ameuliza wateja wengine huandika nini. Kampuni ya bima itauliza swali la nne, nalo limeandikwa ndani ya mkataba wenyewe: vitu vikiungua, tutalipa bei ya kununua vipya, au bei ya vipya tukitoa uchakavu? Mikataba ipo ya aina zote mbili. Mpaka wakala akuonyeshe mstari huo kwa kidole, huwezi kujua kama friji yako ya miaka sita uiandike kwa bei ya friji mpya dukani au kwa nusu yake. Ikiwa mkataba unatoa uchakavu, mumeo ana hoja nzuri kuliko ulivyomwona, na orodha nzima itashuka. Ikiwa unalipa vipya kwa vya zamani, basi uzee wa vitu hauingii kwenye hesabu hata kidogo. Mimi hapa nitahesabu kwa bei ya vipya, ili uione njia, nawe ukipata jibu utajua upunguze wapi.

Sasa nikueleze kwa nini laki sita zinanitia wasiwasi. Mumeo, nadhani, anafikiri hivi: nyumba haiungui yote, hasara yetu itakuwa laki mbili au tatu, na laki sita zinazifunika. Lingekuwa jambo la haki kama bima ingefanya kazi hivyo. Lakini karibu kila mkataba wa vitu vya nyumbani una kanuni ya wastani. Mkaguzi wa hasara akija haangalii kilichoungua tu. Anatazama nyumba nzima, anakadiria thamani ya vitu vyote vilivyokuwemo, kisha anailinganisha na kiasi ulichoandika. Ukiwa umekata bima ya nusu ya thamani, unalipwa nusu ya hasara, hata kama hasara yenyewe ni ndogo. Ile nusu nyingine inahesabiwa kwamba ulichagua kuibeba mwenyewe.

Nitakupa mfano kwa nyumba yako baada ya kuisahihisha daftari, maana siwezi kutumia 1,800,000 ilivyo. Twende chumba kwa chumba.

Sebuleni umeandika televisheni 85,000, bei mliyonunulia mwaka 2018. Pita madukani leo uulize ya ukubwa uleule. Televisheni ni miongoni mwa vitu vichache vilivyoshuka bei, na kwa hesabu yetu tuseme umeambiwa 45,000. Makochi nayo umeandika 60,000, alizochukua fundi mwaka 2016. Mwulize fundi huyohuyo leo, kwa mbao ileile na sponji ileile, naye akikuambia 110,000 usishangae. Ona basi: kosa ni moja, bei ya zamani, lakini mahali pamoja limekuzidishia na mahali pengine limekupunguzia. Pia sijaona mapazia wala zulia. Mapazia ya madirisha mawili pamoja na vyuma vyake na zulia, kwa bei utakazouliza mwenyewe, tuseme 35,000. Tukitoa 40,000 za televisheni, tukiongeza 50,000 za makochi na 35,000 hizo, sebule inafika 425,000.

Jikoni nimecheka kwa upendo, kwa sababu umefanya kama wapangaji wengi. Makabati yaliyojengwa ukutani pamoja na sinki umeyapa 110,000. Hayo ni ya mwenye nyumba. Kipimo chepesi ni hiki: mkihama kesho, mtavibeba? Kisichobebeka ni sehemu ya jengo, na bima yake ni juu ya mwenye jengo. Kama kuna kitu mlikifunga wenyewe kwa pesa zenu, hicho kitajwe peke yake, kwa maandishi. Hapohapo jikoni umeandika "vyombo, 8,000". Mwanangu, fungua makabati. Hesabu sufuria, kikaango, sinia, birika, chupa za chai, sahani za kila siku na zile za wageni zilizo juu kabisa, blenda, sufuria ya presha, mbuzi ya kukunia nazi, debe la mchele lililojaa. Jikoni ndiko watu hupunguza bila kujua, kwa kuwa kila kitu kwa peke yake ni kidogo. Nilipohesabu kwa makisio kutokana na picha ulizotuma, nilifika 46,000, yaani nyongeza ya 38,000. Ukitoa makabati na ukiongeza vyombo, jikoni pana 218,000.

Chumba chenu ndicho chenye mambo. Umeandika nguo 30,000 kwa watu wazima wawili. Sikukatai, lakini jaribu hivi: fungua kabati, gusa kila nguo, na kwa kila moja jiulize ingekugharimu ngapi kuipata tena. Buibui, madera, jozi za leso ambazo hujawahi hata kuzikata, kanzu za mumeo, suti ya kazini, viatu, mikoba, mashuka na vyandarua. Kwa orodha uliyonitajia, 120,000 si nyingi. Huko kwenye dawati, nguo ndizo zilizokuwa zikisahauliwa kuliko kitu chochote, na moto hauzisahau. Hiyo ni nyongeza ya 90,000.

Humo humo kuna kompyuta ya mkononi 70,000 na simu mbili 50,000. Hivi vinatoka nje kila siku. Bima ya vitu vya ndani hulinda kilichomo ndani ya nyumba. Simu ikiporwa kwenye matatu, sehemu hiyo haikusaidii. Mikataba mingi ya nyumba hapa Kenya ina sehemu nyingine ya vitu vinavyobebwa, ambapo kila kimoja huandikwa kwa jina, aina na namba yake, na malipo yake kwa kawaida huwa juu zaidi. Ukiviandika kule, viondoe huku, usije ukalipia kitu kimoja mara mbili na kulipwa mara moja. Na ukiona sehemu hiyo ni ghali, unaweza kuviacha kwenye vitu vya ndani, ukijua kwamba vikipotelea barabarani ni vyako.

Dhahabu nayo nitairudia, maana inahitaji nafasi yake. Kwa sasa tuseme mkufu na bangili unazovaa kila siku, za 150,000, nazo zimehamia kwenye vitu vinavyobebwa, na 270,000 zimebaki ndani. Chumba chenu basi, baada ya kutoa na kuongeza, ni 550,000.

Kwa watoto umesahau nguo za shule, vitabu na baiskeli. Ongeza 30,000, kiwe 180,000. Korido na veranda, ukitoa cherehani za dadako zenye 170,000, panabaki 80,000 za mashine ya kufua na vitu vidogo.

Jumla sasa ni 1,453,000. Sio 1,800,000 yako wala si laki sita za mumeo.

Turudi kwenye mfano. Jikoni kumeungua, hasara ni 200,000. Mkiwa mmeandika laki sita wakati nyumba ina 1,453,000, kampuni itachukua laki sita, itagawanya kwa 1,453,000, na kuzidisha kwa hasara. Mtapata kama 82,600, kisha itakatwa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kila mwenye bima hujibebea. Kwa milioni ya wakala mngepata kama 137,600. Kwa kiasi kamili mngepata 200,000, ukitoa sehemu hiyo ya kwanza. Mwonyeshe mumeo hesabu hii kwa utulivu, tena si kama mtu anayemshinda. Pengine hakuwahi kuelezwa. Wakala aliyesema "andika milioni tu" alipaswa kuwa wa kwanza kumweleza.

Na upande wa pili nao nikuambie, kwa sababu hofu yako inaweza kukusukuma huko. Ukiandika 1,800,000 wakati vitu ni 1,453,000, hulipwi zaidi. Bima hurudisha kilichopotea, haikupi faida juu yake. Zile laki tatu na nusu za juu zingekuwa malipo ya 3,470 kila mwaka kwa ajili ya makabati ya mwenye nyumba, cherehani za biashara na bei ya televisheni ya 2018. Kidogo cha ziada kina maana, lakini, kwa kuwa bei hupanda kabla mwaka wa bima haujaisha na huenda mkanunua kitu katikati. Mimi ningetazama mahali kama 1,550,000. Kwa asilimia moja ni 15,500, na juu yake kuna tozo za kisheria zisizo kubwa: asilimia 0.2 ya malipo hayo kwa ajili ya mafunzo, asilimia 0.25 yake kwa mfuko wa kuwafidia wenye bima, na stempu ya shilingi 40. Tofauti na laki sita za mumeo ni 9,500 kwa mwaka kabla ya tozo. Mnaweza kuona ni nyingi au ni chache. Ninyi ndio mnaojua mfuko wenu.

Sasa dhahabu. Nimesoma mstari wako kwamba mumeo hataki itajwe, na sidhani ni ubahili. Watu wengi wanaogopa, na si bila sababu, kumwambia mgeni kuna nini kabatini. Lakini kimya hapa kina gharama mbili. Ya kwanza ni ile kanuni ya wastani. Dhahabu ikiwa ndani ya nyumba na haijatengwa kwa maandishi, ni sehemu ya vitu vya ndani, iwe mmeitaja au hamkuitaja. Mkaguzi akiona picha za harusi au mkidai wenyewe, ataiongeza kwenye thamani ya nyumba, na fidia ya friji itapungua kwa ajili ya bangili ambazo hazikuguswa. Ya pili ni vikomo. Mikataba mingi husema vito na vitu vya dhahabu na fedha kwa pamoja visizidi theluthi moja ya kiasi chote cha vitu vya ndani, na kwamba kitu kimoja kisihesabiwe zaidi ya asilimia 5 ya kiasi hicho, isipokuwa samani na vyombo vikubwa vya nyumbani, au kitu kilichotajwa peke yake. Tazama hesabu inavyobadilika: kwa laki sita, theluthi ni 200,000 na asilimia 5 ni 30,000, kwa hiyo hata dhahabu ya 270,000 isingeingia. Kwa 1,550,000, theluthi ni zaidi ya 516,000, na asilimia 5 ni 77,500. Dhahabu yote inaingia, isipokuwa jozi ya bangili uliyoipa 90,000. Hiyo itajwe kwa jina, pamoja na uzito wake.

Uzito ni muhimu kuliko bei uliyoandika. Nenda kwa sonara mnayemwamini, akupimie kila kipande kwa gramu, akuandikie na karati zake, na atie tarehe. Bei ya dhahabu hubadilika kila siku, na 420,000 yako huenda ni bei ya mwaka wa harusi. Ikiwa imepanda sana, orodha nzima itabadilika, na ni bora ujue sasa.

Njia nyingine zipo. Mnaweza kumwomba wakala aandike wazi kwamba vito vimetengwa nje ya bima hii. Hapo havihesabiwi kwenye wastani, malipo yanashuka, na vikiibwa ni hasara yenu wenyewe. Mnaweza pia kuviweka kwenye sanduku la benki, mkatoa vya harusi na Idi tu, lakini ulizeni kwanza kama ulinzi unavifuata vikiwa nje ya nyumba na vikiwa benki. Au mnavitaja vyote na kumwomba wakala ahifadhi ile karatasi ya sonara kwa siri. Kila moja ina uzito wake moyoni, na hii si hesabu ya shilingi tu. Ni zawadi ya mama. Nadhani ni mazungumzo ya wewe na mumeo kabla ya kuwa ya wakala.

Kuhusu cherehani, najua itakuwia vigumu. Kifaa kinachotumika kutafutia riziki kwa kawaida hakimo katika bima ya vitu vya nyumbani, na hizi tena ni mali ya mtu asiyekaa kwenu. Ukiziacha kwenye orodha, utakuwa unazilipia kisha siku ya hasara unaambiwa hazihusiki. Mwambie dadako mapema, kwa upole, asije akaamini kwamba amelindwa. Anaweza kuuliza bima ndogo ya biashara kwa jina lake mwenyewe.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa kurasa, ushahidi wa nini kama risiti zimepotea. Huhitaji risiti ya kila kijiko. Siku moja ya mwanga mzuri, simama kwenye mlango wa kila chumba, piga picha kutoka pembe mbili, kisha fungua kila kabati na droo upige tena. Pindua friji, mashine ya kufua na kompyuta, upige namba zake. Tafuta ujumbe wa M-Pesa wa manunuzi makubwa, uuhifadhi pamoja. Kisha, na hapa ndipo watu wengi walipokosea mbele yangu, usiache vyote hivyo kwenye simu na daftari lililomo ndani ya nyumba hiyo hiyo. Jitumie kwa barua pepe, au mpe mama nakala.

Usisaini Jumatatu kama wakala alivyotaka. Mpigie kwanza, umwulize kama mkataba unalipa vipya au unatoa uchakavu, na vikomo vya vito ni vipi, na umwombe akuonyeshe kwenye karatasi, si kwa mdomo. Akishajibu, keti na mumeo mpitie daftari pamoja, yeye ashike kalamu safari hii, mwanze na kabati la nguo zake.